Bei ya Watu Sita

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiandika kotesheni za safari katika ofisi moja ya ghorofa ya tatu katikati ya Kampala, juu ya duka la simu lenye spika isiyonyamaza. Mtu anataka kwenda mahali, ananiambia ana kiasi gani, nami namwandikia atapata nini. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Wanaoifanya ionekane ngumu, wengi wao wana jambo wanaloficha.

Neno ninalolichukia katika biashara hii ni "kuanzia". Ufukweni siku tano, kuanzia shilingi laki nane. Kuanzia! Hiyo laki nane ni ya mtu mmoja anayelala na mwenzake chumba kimoja, katika mwezi ambao hakuna anayetaka kusafiri, bila chakula cha mchana, bila gari la kumtoa stendi ya basi hadi hotelini. Mteja hayajui hayo. Anazidisha laki nane kwa idadi ya watu wake, anafurahi, analipa kianzio, halafu ndipo mambo mengine yanapoanza kujitokeza moja baada ya jingine. Bosi wangu anaita hiyo kumshika mteja mkono. Mimi naijua kwa jina jingine, na nimemwambia mara nyingi, ndiyo maana sijawahi kupandishwa cheo.

Siku ninayoikumbuka, barua ililetwa kwa mkono ndani ya bahasha ya kaki. Siku hizi watu wananitumia ujumbe wa sauti wakiwa kwenye boda, upepo mtupu, na mimi nakisia wamesema nini. Hii ilikuwa barua kamili, imeandikwa kwa wino wa buluu, na ilikuwa kwa Kiswahili. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kupokea barua ya mteja kwa Kiswahili. Wateja wetu huandika Kiingereza hata kama wanakivuta kwa kamba.

Mwandishi alikuwa askari magereza mstaafu, anakaa Luzira, upande wa kuteremka Port Bell. Alijieleza kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Anataka kumpeleka mke wake baharini mwezi wa Desemba pamoja na familia nzima, kwa sababu alimwahidi siku alipopata cheo cha sajini na tangu hapo kila mwaka kulikuwa na ada za shule. Bajeti: shilingi milioni saba, haitaongezwa. Halafu akachora jedwali kwa rula, majina, umri, uhusiano, uraia. Yeye mwenyewe, mke, mtoto wa kiume, mkamwana, wajukuu wawili wa miaka kumi na mmoja na sita. Kwenye safu ya uraia aliandika Uganda mara sita. Chini kabisa alipiga mstari: "Tunakwenda wote sita. Hakuna wa kubaki."

Niliipenda barua ile kupita kiasi. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, baba yangu alitoka kaskazini akiwa na tepe mbili za koplo begani na lugha tatu mdomoni, na Kiswahili ndicho tulichotukaniwa shuleni. Wenzangu walisema ni lugha ya wanajeshi na wezi. Nyumbani ndiyo ilikuwa lugha ya uji, ya kuchapwa na ya kuombewa ukiumwa. Kwa hiyo nilipoona jedwali lile lililochorwa kwa rula, niliamua palepale kwamba mzee huyu atajibiwa kwa lugha aliyoandikia, na atajibiwa kila kitu.

Nilianza na pwani kwa kuwa ndiyo aliyoitaka. Mombasa kwa basi, kwenda na kurudi, usiku nne hotelini, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni yule mjukuu mkubwa. Hoteli inahesabu mtoto hadi miaka kumi na mmoja, na umri unaohesabiwa ni wa siku ya kusafiri, wala si wa siku ya kuandika barua. Nikapiga simu ya mzee nimuulize mtoto amezaliwa mwezi gani.

Ilipokelewa na mwanamke.

"Baba haiko, ameenda ku soko," alisema. "Njo nani anauliza?"

Sauti ile haikuwa ya Luzira. Nimefanya biashara na wanawake wa Kikongo wanaouza vitenge tangu nikiwa msichana, na Kiswahili cha Bukavu nakijua hata kikisemwa nyuma ya ukuta. Nikajitambulisha, nikauliza kuhusu mtoto. Akasema mvulana anatimiza kumi na mbili mwezi wa kumi na moja, ni mwanawe wa kwanza. Basi huyu ndiye mkamwana. Nikamuuliza, kwa upole niliouweza, anatumia kitambulisho gani akisafiri.

"Niko na karte ya mukimbizi," alisema. Kisha akauliza, "Iko na shida?"

Nikamwambia nitaangalia. Nilijua tayari. Sisi raia wa Uganda tunaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na watoto kwa pasi ndogo inayotolewa na uhamiaji. Kadi ya mkimbizi inamlinda mtu ndani ya Uganda, lakini haivuki mpaka. Kuvuka anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo inaombwa, inasubiriwa, inafuatiliwa tena, na miezi inapita. Desemba ilikuwa imebakisha wiki tisa.

Mzee hakudanganya, na hili ningeomba lieleweke. Kwake yeye mahari ililipwa, ng'ombe walihesabiwa, wazee wakala na kunywa, mwanamke akawa mtoto wa nyumba ile. Alimwandikia uraia wa nyumba ile. Mtu aliyehesabu wafungwa asubuhi na jioni kwa miaka thelathini bila kukosea hata kichwa kimoja, alikosea kuhesabu nyumbani kwake kwa sababu hakuona tofauti kati yao.

Nikampelekea bosi suala hilo, maana ofisi ni yake. Akaisoma barua, au tuseme akaisoma namba ya milioni saba, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kununulia ndizi.

"Mombasa inaingia?" aliuliza.

Nikamwambia inaingia kwa pesa, haiingii kwa watu. Nikamweleza habari ya mkamwana.

Akanionyesha safu ya uraia. Mteja ameandika mwenyewe, alisema, na masharti yetu yako wazi kwamba hati za kusafiria ni jukumu la msafiri. Sisi tuko salama. Niandike Mombasa peke yake, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida ya ofisi, niseme "kuanzia", na nusu ilipwe mapema kwa sababu ni msimu. Hoteli ile ilikuwa ikitupa kamisheni nzuri kuliko zote, na malipo ya msimu hayarudishwi.

"Na wakirudishwa mpakani?"

"Mmoja tu ndiye atakayerudishwa," alisema. "Wengine watano wataendelea."

Ningemjibu ningesema maneno ambayo mtu mwenye kodi ya nyumba hapaswi kuyasema saa nne asubuhi. Nilirudi mezani kwangu, nikafunika chai yangu kwa kisahani, nikaandika.

Niliandika kurasa mbili. Nilimshukuru mzee kwa barua yake, nikamwambia nimelinganisha safari tatu kwa pesa ileile na watu walewale. Ya kwanza, Mombasa kwa basi: milioni sita na laki nane na nusu, vyumba vitatu, mjukuu mkubwa akihesabiwa mtu mzima kwa kuwa atakuwa ametimiza kumi na mbili. Nikataja yaliyomo. Kisha nikataja yasiyokuwemo, kwa herufi za ukubwa uleule, maana ofisi nyingi huyaandika madogo kama mayai ya chawa: chakula cha mchana, usafiri kutoka stendi hadi hotelini, pasi za watoto. Nikaandika kwamba itabaki laki moja na nusu kwa yote hayo, kwa watu sita, kwa siku zote hizo, na haitatosha. Nikaeleza kwamba hoteli inatoza kwa dola, kwa hiyo bei hii inasimama siku saba tu. Nikaeleza kwamba nusu inalipwa sasa na hairudi. Halafu nikaandika sentensi niliyoifikiria kwa muda mrefu kuliko zote: "Mkamwana wako ana kadi ya mkimbizi, ambayo haimruhusu kuvuka mpaka, na hati inayomruhusu haiwezi kutegemewa kupatikana kabla ya Desemba, kwa hiyo safari hii inatosha pesa zako lakini haitoshi watu wako."

Ya pili, Zanzibar kwa ndege. Niliiweka kwa sababu najua binamu fulani angemwambia iko rahisi mtandaoni. Ilikuwa karibu mara mbili ya bajeti, mpaka nao uko palepale. Nikamwambia asipoteze muda.

Ya tatu, Murchison. Gari dogo la abiria na dereva wake na mafuta, siku nne, usiku tatu katika nyumba ya wageni nje ya lango la mbuga, milo yote mitatu, kiingilio, na mashua ya kwenda kuangalia maporomoko. Milioni tano na laki sita. Nilipiga simu kuuliza kiingilio cha mkamwana, nikapata majibu mawili tofauti kutoka kwa watu wawili, basi nikamwekea bei ya juu, ya mgeni anayeishi nchini, nikaandika kwamba langoni wakimkubalia bei ya chini, tofauti inarudi mfukoni mwao. Bei hii nayo inasimama siku saba, kianzio ni asilimia thelathini, na wakighairi mwezi mmoja kabla wanarudishiwa. "Hakuna bahari," niliandika. "Kuna mto, na maji mengi sana. Na mnakwenda wote sita."

Nikatia sahihi, nikamuita mwenye boda ninayemwamini, nikampa aipeleke Luzira kabla bosi hajarudi kutoka kula. Nikaweka nakala kwenye faili, juu kabisa, mahali atakapoiona. Sikutaka kumficha. Nilitaka aisome ashindwe.

Aliiona jioni. Hakuielewa yote lakini namba zinasomeka katika kila lugha, na aliona milioni tano imekaa mahali pa milioni sita na kitu. Aliniita mjeuri. Alisema ofisi yake si kambi ya askari. Nikamwambia angalau kambini ukiambiwa watu sita, gari halijazwi watu watano. Akasema asubuhi nitaandika kotesheni nyingine kwa Kiingereza na kufuta hiyo. Nikasema asubuhi ni mbali.

Asubuhi yenyewe mzee alitangulia. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi hadi mikono ina makali, mkewe ameketi kwenye kiti cha wageni amekumbatia mkoba. Mzee alikuwa na barua yangu mkononi na alikuwa amekasirika. Nilifurahi kumwona mpaka alipofungua mdomo.

"Wewe ndiyo uliandika hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani alikuambia mtoto yangu ni mukimbizi?" Sauti yake iliwageuza watu wa ofisi ya jirani. "Mimi niliandika Uganda. Sita! Wewe nani kubadilisha watu yangu?"

Nilisema sikumbadilisha mtu, mpaka ndio utakaombadilisha. Nilisema pia, na sijuti, kwamba kama anataka mtu wa kumwandikia anachotaka kusikia, ofisi zimejaa mjini na nyingine ziko ghorofa ya chini. Tulitazamana. Nadhani kila mmoja wetu alitambua kambi alikotoka mwenzake.

Bosi alitoka chumbani kwake akitabasamu, akamshika mzee bega, akamuita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda. Kwa Kiswahili chake cha ndizi alimwambia hakuna shida, Mombasa iko, tena sasa iko rahisi zaidi. "Mama ya watoto anakaa nyumbani, anachunga nyumba. Mnaenda tano. Pesa inabaki!"

Nikaona uso wa mzee ukilainika. Huo ndio ukweli, na nauandika ingawa nilikuja kumpenda. Alikuwa amemwahidi mke wake bahari, ahadi ya miaka mingi, na sasa mtu wa tai alikuwa akimwambia inawezekana kwa kumwacha mtu mmoja tu nyuma. Alimtazama mkewe. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, maana nilijua kama mama yule angeitikia kwa kichwa, kazi yangu yote ingekuwa upuuzi wa kurasa mbili.

Mama hakuitikia. Alifungua mkoba wake, akatoa miwani, akaichukua barua mkononi mwa mumewe.

"Hii barua jana mtoto alisoma nyumbani," alisema. Alikuwa akimwambia bosi, siyo sisi. "Alisoma yote kwa nguvu. Mimi kizungu sijui. Huyu mama ya watoto pia kizungu hajui. Lakini hii tulisikia wote. Tulikuwa tunakula." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa iliposema watu hawatoshi, huyu msichana aliacha kula. Akaamka akaosha sahani. Mimi nilimuona."

"Mama yao, lakini bahari—" mzee alianza.

"Bahari nilitaka na watoto yangu wote. Kama moja anabaki kuchunga nyumba, mimi pia nabaki, tutachunga pamoja. Wewe enda, uogelee."

Mwenye spika chini alikuwa akitangaza chaja kwa nusu bei. Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kwenye hiyo Murchison kuna viboko, kwa sababu mjukuu wake mdogo anawapenda. Nikamwambia viboko wako hadi atawachoka.

Bosi alirudi chumbani kwake. Mwisho wa mwezi alinikata posho ya usafiri kwa kile alichokiita kukiuka utaratibu wa mawasiliano. Niliipokea barua yake ya onyo, ya Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili. Sikufukuzwa, kwa sababu anajua nani anayewajua wenye nyumba za wageni kwa simu zao za mkononi. Mpaka leo barua za Kiswahili zinakuja, za wake wa askari, za wafanyabiashara wa Kikongo, za Wakenya wanaokaa Nateete, na zote nazijibu mimi, na zote zina orodha ya yasiyokuwemo kwa herufi za ukubwa uleule.

Kianzio kililetwa siku ya nne, bei ikiwa bado hai. Hakukileta mzee. Alikileta mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kijani, na aliposema "Jambo, mama" nilimjua kwa sauti. Alihesabu noti polepole, nikahesabu baada yake, nikaanza kujaza fomu. Kwenye uraia aliniambia niandike Kongo. Aliangalia hadi nikamaliza neno lote.

"Mama," alisema, "niko na kitu ya kukuambia."

Nikaweka kalamu chini.

"Ile ya Mombasa, mimi nilijuaka tangu mwanzo siwezi vuka. Ile siku baba aliandika Uganda, nilikuwa pembeni yake. Alifurahi sana. Nilishindwa kumwambia." Alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua. "Nilikuwa nimesha kupanga. Ile asubui ya kwenda, nilikuwa ntalala ku kitanda, niseme niko mugonjwa. Batu bangeenda. Watoto wangeona bahari."

Nilifikiria kile kiti cha basi ambacho kingelipiwa, na kitanda, na chakula cha jioni cha usiku nne, vyote kwa jina la mtu aliyekwisha kuamua kuumwa, na ofisi yetu ikiwa salama kabisa kwa masharti yake. Nilipandwa na hasira upya, hasira nzuri, ambayo ninayo hadi leo ninapoandika haya.

Nikachukua kalamu, nikamwandikia risiti, nikamwambia basi aanze kupona mapema, kwa sababu gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na dereva wangu hamsubiri mgonjwa.